TV imeshauzwa, akaunti zangu bado zimo: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Jumamosi niliuza TV yangu ya Google TV, mnunuzi akaondoka nayo kwenda Dodoma kabla sijafuta chochote. Jana nikaona kwenye YouTube ya simu yangu katuni ambazo sijawahi kuzitazama, ndipo nikashtuka.

Nimeingia kwenye akaunti ya Google kwa simu, sehemu ya Security, kisha Your devices, nikaikuta TV na kubonyeza Sign out. Netflix nayo nimeitoa peke yake, maana ina akaunti yake na kuondoa ya Google hakuigusi. Kadi ya benki ilikuwa kwenye akaunti ya Google, nayo nimeiondoa.

Kinachonisumbua ni programu nyingine nilizoingia kwa namba ya simu, sikumbuki zote. Nimemwomba mnunuzi afanye Factory reset, lakini anaogopa kupoteza chaneli za antena alizokwisha kuzitafuta. Ni kweli zitafutika, ila atazitafuta upya kwa dakika chache.

Je, nimsisitize, au kuna njia ya kuzisafisha programu hizo nikiwa huku mbali? Na aliyewahi kumwelekeza mtu kwa simu, alianzia wapi?