MREJESHO: Taima ya hita ya maji, Uyole Mbeya

Swali langu lilikuwa: "Wakuu, hita yangu ni lita 80, wati 3000. Nataka iwake yenyewe alfajiri. Taima ipi, na inaungwaje?"

Asanteni sana wakuu. Nimefuata ushauri wenu wa kutumia kontakta, yaani swichi kubwa inayowashwa na koili ya umeme. Hita inavuta kama ampea 13, na taima ya ampea 16 ikibeba mzigo huo kila siku inaweza kuungua kontakti zake. Sasa taima inalisha koili ya kontakta tu. Kontakta ya ampea 25 ndiyo inakata laini na nyutro za hita. Ethi inakwenda moja kwa moja, haipiti kwenye swichi yoyote. Kazi amefanya fundi umeme, breka ikiwa imezimwa.

Taima ya gurudumu haikunifaa. Haina betri, hivyo umeme ukikatika saa mbili, nayo inachelewa saa mbili. Nimehamia ya dijitali yenye betri, inatunza saa vizuri.

Kutoka nyuzi 15 hadi 60 inachukua karibu saa moja na nusu, nimeiweka saa 10 hadi 12 alfajiri. Umeme ukikatika ndani ya muda huo, maji bado yanakuwa baridi. Hapo naiwasha kwa mkono.