Gumzo la ukoo wa Makorora: bima ya Saidi

Saidi: Shikamooni wakubwa. Wakala wa bima kaniachia karatasi mbili. Bima ya maisha yote, 40,000 kwa mwezi. Ya muda wa miaka 15, 8,000 kwa mwezi. Zote nikifa familia inapata milioni 20. Mbona tofauti kubwa hivi?

Shangazi Mwanahawa: Chukua ya 40,000 mwanangu. Hiyo ya 8,000 miaka 15 ikiisha uko hai hupewi hata senti. Ya maisha yote pesa zako unarudishiwa.

Baba Jumaa: Mimi kadi yangu hospitali ya Bombo wanaipokea vizuri tu, na mama watoto yumo.

Saidi: Hiyo ya afya, Baba Jumaa. Hapa ni ya kifo.

Zuhura: Shangazi, si zote zinarudi. Mimi ya maisha yote nililipa kama miaka miwili, biashara ya dagaa ikayumba, nikaacha. Nilipokwenda kudai nikaambiwa thamani yake ni sifuri. Niliondoka pale nalia.

Mjomba Bakari: Marahaba Saidi. Pole Zuhura, hiyo ndiyo inayowaumiza wengi, na huwa imo kwenye jedwali la mkataba toka siku ya kwanza. Saidi, karatasi ya 40,000 ina ukurasa wenye miaka na thamani ya kuvunja mkataba. Piga picha.

Saidi: Mwaka wa 1 na wa 2, sifuri. Wa 3, 310,000. Wa 10, milioni 2.9. Wa 20, milioni 7.8.

Mjomba Bakari: Sasa tazama. Miaka 3 utakuwa umelipa 1,440,000, ukivunja wanakupa 310,000. Miaka 10 umelipa milioni 4.8, wanakupa 2.9. Pesa za mwanzo zinakwenda kwenye kamisheni ya wakala na gharama za kufungua mkataba, na sehemu nyingine imelipia hatari ya kifo miaka yote hiyo uliyokuwa na kinga.

Saidi: Na kwa nini ya muda ni rahisi?

Mjomba Bakari: Una miaka 34. Uwezekano wa kufa kabla ya 49 ni mdogo, na wengi kama wewe watamaliza salama, kwa hiyo ada zao ndizo zinazolipa familia za wachache waliofariki. Ya maisha yote kampuni inajua italipa tu, leo au ukiwa na 85. Na ada haipandi ukizeeka. Ndiyo maana ujanani unalipa zaidi ya hatari yako, ile ziada inatunzwa kufidia uzeeni. Hiyo ziada ndiyo thamani unayoiona kwenye jedwali. Si zawadi.

Shangazi Mwanahawa: Basi akifa mwaka wa 20 wanapata milioni 20 na hizo 7.8 juu yake!

Mjomba Bakari: Hapana dada. Kwa mkataba wa kawaida wanapata 20 tu, hiyo 7.8 imo humo humo. Kama kuna bonasi, mkataba uiseme. Na akikopa juu ya bima asirudishe, deni na riba vinakatwa kwenye hiyo 20.

Shangazi Mwanahawa: Bado kulipa miaka 15 ukatoka mikono mitupu, moyo hautaki.

Mjomba Bakari: Bima ya pikipiki ya Saidi mwaka jana haikudaiwa, mbona hatukulia? Hesabu nyingine: akichukua ya 8,000 na kuweka ile 32,000 kila mwezi, miaka 10 ana 3,840,000 bila faida yoyote. Inazidi 2.9.

Shangazi Mwanahawa: Akiweka! Bakari, unamjua mwanao?

Mjomba Bakari: Hapo umenipata. Na ya muda ina kasoro yake. Akifika 49 akitaka nyingine, bei ni ya umri huo, na akiwa na kisukari wanaweza kumkataa. Basi Saidi, deni la nyumba ya Pongwe linaisha lini?

Saidi: Miaka 12. Mdogo wangu wa mwisho naye bado yuko msingi.

Mjomba Bakari: Basi hofu yako ina mwisho, na ya muda inaufikia. Ya maisha yote ingefaa kama una mtu atakayekutegemea daima.

Zuhura: Mjomba, mimi ningefanyaje kuliko kuacha?

Mjomba Bakari: Thamani ikishaanza kuonekana, unaomba mkataba ugeuzwe wa kulipiwa kikamilifu: huchangii tena, kinga inabaki lakini kiasi kinapungua. Mwaka wa pili kwenye sifuri hakuna cha kugeuza. Ndiyo maana mtu asianze ada asiyoweza kuibeba msimu mbaya.

Amina: Na riba je? Mimi nataka takaful, ile bima ya Kiislamu. Shehe wetu anakataza hizi.

Mjomba Bakari: Hilo mwulize shehe, Amina, silisemei. Ila ukienda kwa wa takaful, mwulize vilevile: nikitoka mwaka wa tatu napata ngapi? Aandike.

Saidi: Mama watoto anasema nichukue ya 8,000, Shangazi hajakubali. Kesho namfuata wakala pale Ngamiani, nataka aniambie kama milioni 7.8 ni ya uhakika au makadirio, maana chini kuna maandishi madogo.

Mjomba Bakari: Yasome yale madogo kabla ya kusaini. Nitumie picha.