Sapulaya wa nyanya, tenga zako 3 nimezimwaga chini, njoo uone ulichotuletea

Kaka, najua humu unapita kila siku na simu zangu hupokei toka juzi, kwa hiyo nakuandikia hapa hapa. LPO ilisema nyanya kilo 120, ngumu. Kirikuu chako kimefika saa 11 alfajiri, kijana wangu wa stoo kaona za juu zinang'aa kasaini delivari, gari hilooo. Hilo kosa letu, nimeshamsema. Nafika saa 2 nakuta maji yanachuruzika chini ya tenga mpaka kwenye magunia ya mchele. Mzani: kilo 121 na matenga yake. Nikamwaga zote nikapima matenga matupu, kila moja kilo 5. Kwa hiyo nyanya ni 106 we umeandika 120, mbao tunazipika?? Kuchambua sasa, safu mbili za juu safi kabisa, katikati zimelegea, chini uji mtupu unanuka kuchacha na zile nyasi zimeota ukungu mweupe. Kilo 19 jalalani. Zimebaki 87 na mchana tuna semina ya watu 200, nikakimbia Ilala na hela yangu mfukoni. Halafu unanitumia meseji "mlisaini bosi". Toa kilo 33 kwenye invoisi, la sivyo sipeleki kwa mhasibu.

Mchuuzi wa Mabibo:
Mkuu sokoni tunauza tenga sio kilo, uzito wa mbao haumhusu.

Mwenye uzi:
Sokoni sawa. Ila LPO ina kilo na yeye invoisi kaandika kilo kwa mkono wake.

Mama Tandika:
Mimi zikilegea nasaga naweka friza, kwani hotelini hamna friza?

Mwenye uzi:
Dada angu kachumbari ya watu 200 naitoa kwenye friza?

Mzee wa Stoo:
Mdogo wangu, tenga la mbao ni refu, wanalijaza mpaka kichuguu, likirushwarushwa kutoka Ilula huko za chini zinapasuka, juu turubai limefunika joto, na moja ikipasuka maji yake yanaozesha jirani zake. Ukiendelea naye mwambie alete kreti za plastiki, hazibebi mzigo mzito juu ya za chini. Na siku nyingine kijana asisaini kabla ya kumwaga angalau tenga moja, aandike kwa peni kwenye kopi zote mbili "kilo 106, 19 mbovu" na dereva atie saini hapo hapo. Hiyo kilo 14 ya mbao utashinda, hesabu yake iko wazi na matenga unayo. Za kuoza ndo kazi. Picha ulipiga saa ngapi?

Mwenye uzi:
Saa 4, nikitoka Ilala.

Mzee wa Stoo:
Aah. Atakwambia umechanganya na za Ilala.

Mwenye uzi:
Za Ilala nimebeba kwenye ndoo mzee. Nyasi zake zenye ukungu ninazo kwenye mfuko, aje azinuse.