Naomba ushauri: nikirefusha fimbo yenye chaji, uga unaishia sifuri. Nakosea wapi?

Binti_Kondoa:
Wakuu habari za jioni. Niko kidato cha sita hapa Dodoma, na swali hili linaninyima usingizi tangu Jumatatu. Fimbo nyembamba ina urefu wa mita 2 na chaji ya nanokulombi 40 iliyosambaa sawasawa. Tunatafuta uga wa umeme kwenye nukta iliyo mbele ya katikati ya fimbo, nusu mita kutoka kwenye fimbo yenyewe. Hiyo niliipata:

```
E = kQ / (x * sqrt(x^2 + L^2/4))
```

Jibu likaja 644 N/C, na mwalimu akaweka vema. Kipengele cha pili kinasema uonyeshe kwamba fimbo ikiwa ndefu mno, E inakuwa 2kλ/x. Nikaweka L = 200, nikapata 7.2. Nikaweka L = 2000, ikawa 0.72. Inakwenda sifuri! Nimerudia mara nne. Nisaidieni, mtihani uko karibu.

Mtoto_wa_Kizota:
Dada, hiyo fomula inakuchosha bure. Chukua kila kipande cha fimbo, tafuta uga wake kwa kλdy/(x² + y²), kisha jumlisha vyote kwa kuintegreti. Mimi fimbo ndefu inanipa πkλ/x, yaani 1131 N/C. Nadhani kitabu chenu kimekosea.

Fundi_Mpwapwa:
Mimi nina swali la karibu na hilo. Zile nyaya za msongo mkubwa zinapita juu ya shamba langu la karanga. Zile si ndiyo fimbo ndefu zenyewe? Naweza kutumia hiyo 2kλ/x kujua uga hapo chini?

Mwl_Makulu:
Binti, fomula yako ni sahihi na hesabu zako ni sahihi. Tatizo ni kile ulichokishika kisibadilike. Umeivuta fimbo kutoka mita 2 hadi 2000, lakini chaji umeiacha nanokulombi 40 zilezile. Ni kama ndoo moja ya rangi: ilitosha ukuta wa mita 2, sasa unaipaka ukuta wa kilomita mbili. Mbele yako inabaki rangi nyepesi mno, kwa hiyo sifuri yako ni jibu la kweli, ila la swali jingine. Swali lako limeandika λ, maana yake chaji ya kila mita ndiyo isiyobadilika. Hapa ni nanokulombi 20 kwa mita. Weka Q = λL kwanza, halafu ndiyo urefushe.

Mtoto wa Kizota, umejumlisha ukubwa wa uga bila kuangalia unaelekea wapi. Kipande cha upande wa juu kinasukuma kwenda mbele na chini, mwenzake wa upande wa chini anasukuma kwenda mbele na juu. Ya juu na chini inakufa, inabaki ya mbele tu, kwa hiyo kila kipande kizidishe kwa x/sqrt(x² + y²). Ukiona π mahali palipotakiwa 2, jua kosaini imesahauliwa. Kitabu hakijakosea.

Fundi, hapana. Zile nyaya ni tatu na chaji zake zinapishana, zinageuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ardhi nayo inaubadilisha uga. Fomula ya fimbo moja iliyo peke yake haitakupa jibu la kuaminika.

Fundi_Mpwapwa:
Nimekuelewa mwalimu. Ila bado nataka kujua chini pale kuna kiasi gani.

Zabibu_Hombolo:
Kwani si mngetumia Gauss tu? Mstari mmoja, kazi imekwisha.

Mwl_Makulu:
Kwa fimbo isiyo na mwisho, sawa kabisa. Kwa ya mita 2, Gauss bado ni kweli ila haikupi E, kwa sababu karibu na ncha uga unapinda na haulingani kwenye silinda yako.

Binti_Kondoa:
Shikamoo mwalimu. Nimefanya upya. L = 200 sasa ina Q ya nanokulombi 4000, na E imetoka 720, sawasawa na 2kλ/x! Lakini fimbo ya mita 2 tu ilishanipa 644. Yaani zile mita 198 zimeongeza 76 tu?

Mwl_Makulu:
Marahaba. Ndiyo, na hapo ndipo penye utamu. Vipande vya mbali viko mbali, tena msukumo wao karibu wote ni wa pembeni, ule unaofutwa na wa upande wa pili. Kwenye fimbo isiyo na mwisho, nusu ya uga wako inatoka kwenye kipande cha katikati chenye sentimita 29 tu kila upande.

Zabibu_Hombolo:
Kwa hiyo fimbo ikiwa mara 10 ya umbali, tunaiita ndefu?

Mwl_Makulu:
Mara 10 unakosea kama asilimia 2. Ukitaka asilimia 1, iwe mara 14 hivi. Na hiyo ni kwa nukta ya katikati tu. Ukisogea kuelekea ncha, usiitumie.

Binti_Kondoa:
Na ukisimama mbele ya ncha kabisa, fimbo ikiwa ndefu mno upande mmoja? Nahisi wa mbele unakuwa nusu, ila ule wa pembeni haufutwi tena. Naijaribu usiku huu, nitaweka hesabu hapa.