Gemu ya vigae vitatu: ubao ukikwama, nichanganye vilivyopo au nimwage vipya?

fundi_gemu: Wakuu, natengeneza gemu ya kupanga vigae vitatu vya rangi moja mstarini ili vifutike. Ubao wangu ni 8 kwa 8, rangi 5, na una mawe yasiyoanguka. Kuna wakati mporomoko wa vigae kufutika na vingine kuanguka hauishi: kwa macho ubao umetulia, ila mchezaji akigusa hakuna kinachojibu. Kuna wakati mwingine hakuna hatua yoyote inayoweza kulinganisha vitatu. Hapo nichanganye vigae vilivyopo au nifute vyote nimwage vipya?

baraka_k: Mporomoko usioisha unaletwa na rangi chache. Weka 7, umemaliza.

mama_pikseli: Baraka, umepata nusu. Rangi chache hurefusha mporomoko, lakini vigae vipya vikitoka kwa bahati nasibu hatimaye hukoma. Tena ukiongeza rangi, mikwamo ndiyo inazidi. Fundi, nashuku mawe. Nafasi zilizo chini ya jiwe hazijazwi. Tatu zikifuatana, msimbo wako unaona zimefanana, unazifuta, unakagua, unazikuta palepale. Jaribu:

```
if a != TUPU and a == b and b == c:
```

juma_wa_simu: Hata mimi inaganda. Nilipunguza animesheni ikawa nyepesi.

fundi_gemu: Juma, hiyo ni uzito wa simu, yangu ni tofauti. Mama, ni kweli! Nilichapisha idadi ya vilivyofutwa kila mzunguko, ikawa 3, 3, 3 bila kikomo, zote chini ya jiwe moja. Sasa mkwamo?

mama_pikseli: Subiri kila kitu kitue kwanza, ukikagua katikati ya kuanguka utapata jibu la uongo. Ubao wako ukiwa hauna mawe una jozi 112 za majirani, 56 za kulala na 56 za kusimama. Badilisha kila jozi kwenye kumbukumbu tu, kagua mistari inayopita kwenye nafasi hizo mbili, kisha rudisha. Ikipatikana moja, acha hapo hapo. Simu haitahisi chochote.

Mimi nachanganya vilivyopo, kwa sababu mchezaji aliyetunza bomu lake hapaswi kunyang'anywa. Matokeo nayakubali yakiwa na hatua walau moja na hayana tatu zilizokwisha kulingana, la sivyo mporomoko unaanza wenyewe.

neema_dev: Lakini usiandike "rudia mpaka ipatikane". Mawe yakikuachia vigae 10, viwili vya kila rangi, utachanganya milele. Vikiwa 11, lazima rangi moja iwe na vitatu, ila bado navyo vinahitaji mahali pa kujipanga. Mimi naweka kikomo cha majaribio 50, kikifika namwaga vipya na mabomu nayaacha yalipo.

baraka_k: Na mawe yakizingira kisehemu cha 2 kwa 2?

neema_dev: Hapo hata vipya havisaidii, tatu haziwezi kukaa mstari mmoja. Mimi huvunja jiwe moja.

mama_pikseli: Mimi ningeikataa ramani hiyo tangu kwenye kihariri. Kumvunjia mchezaji jiwe ni kumpunguzia kazi ambayo ndiyo lengo la ngazi.

neema_dev: Na mawe yanayoongezeka katikati ya mchezo, kihariri chako kitayaonaje?