Kadi za saketi: zipangwe kwa jina la njia au kwa dalili za swali?

nuru_sakina
Habari za jioni wakuu. Tuko wanne tunasoma stashahada ya umeme hapa Arusha, na kila Jumamosi tunakutana kwetu Sakina kufanya maswali ya saketi. Tumekata manila tukatengeneza seti mbili za kadi, sasa tunabishana tubaki na ipi.

Seti ya kwanza tumeipanga kwa jina la njia: mbele imeandikwa "Thevenin" au "Nodi", nyuma kuna hatua. Ya pili mbele ina kile unachokiona kwenye swali, jina la njia na hatua ziko nyuma.

Jumamosi tulikutana na swali hili. Chanzo cha volti 12, kisha rezista ya omu 6 hadi nodi a. Kutoka a kwenda chini, yaani b, kuna rezista ya omu 2. Sambamba nayo kuna chanzo cha mkondo kilichochorwa kwa almasi, kinasukuma 2Ix kuingia a. Ix ni mkondo unaopita kwenye omu 6 kuelekea a. Swali: mzigo wa omu ngapi ukiwekwa kati ya a na b utapata nguvu kubwa kuliko yote, na ni wati ngapi?

Kwa seti ya kwanza hakuna aliyeshika kadi ya Thevenin, kwa sababu neno hilo halimo kwenye swali. Wawili walianza na nodi wakakwama, maana mzigo wenyewe haujulikani. Kwa seti ya pili kadi ya "mzigo haujulikani, nguvu kubwa kuliko yote" ilipatikana mara moja. Ila majibu yakagawanyika: wawili wamepata omu 1.5 na wati 6, wawili omu 1 na wati 9. Naomba mtusaidie, seti ipi ni bora, na hiyo kadi imetupotosha wapi?

fundi_mbuyuni
Dada, kadi ya inveta mimi nilibadilisha hapa Moshi mwezi uliopita. Kabla hujanunua nyingine hakikisha kwanza fyuzi na transista za kutoa umeme ni nzima, la sivyo mpya nayo itaungua.

nuru_sakina
Asante kaka, ila hizi ni kadi za karatasi za kusomea, si za inveta.

kijana_majengo
Wa omu 1 ndio wamepata. Nami niliwahi kukosea hapo hapo. Chanzo cha almasi hakizimwi. Andikeni kwenye kadi: ukiona almasi, siku zote tafuta volti terminali zikiwa wazi, kisha piga shoti a na b utafute mkondo, gawanya. Basi.

mwl_njiro
Nuru, hujambo mwanangu. Kijana wa Majengo yuko sahihi kuhusu almasi, ila hilo neno "siku zote" litawaponza. Nitaanza na swali lenu.

Terminali zikiwa wazi, mkondo unaoingia a ni Ix na 2Ix, jumla 3Ix, na wote unapita kwenye omu 2. Kwa hiyo V = 6Ix. Upande wa kushoto, Ix = (12 − V)/6. Ukiunganisha, Ix ni ampea 1 na V ni volti 6. Ukipiga shoti, V inakuwa sifuri, Ix inapanda hadi ampea 2, na mkondo wa shoti ni 3Ix, yaani ampea 6. Volti 6 kwa ampea 6 ni omu 1. Nguvu ni 6² ÷ (4 × 1), wati 9.

Waliopata 1.5 bila shaka kadi yao inasema "zima vyanzo vyote". Walifuta almasi pamoja na volti 12, wakabaki na omu 6 sambamba na omu 2. Lakini almasi haina nguvu yake yenyewe, inafuata Ix. Mzigo ukibadilika, Ix nayo inabadilika na almasi inaongeza au kupunguza. Ukiifuta umechora saketi nyingine kabisa.

Sasa hilo "siku zote". Chukueni swali hilo hilo, chanzo cha volti 12 kiwe waya mtupu, muulizwe ukinzani unaoonekana kati ya a na b. Terminali wazi unapata sifuri, shoti unapata sifuri, na sifuri kwa sifuri haikupi kitu. Hapo unasukuma ampea 1 yako kuingia a. Ix sasa ni −V/6, na alama hiyo ya kutoa ndiyo wanafunzi wengi wanaisahau. Kwenye nodi: 1 + 3 × (−V/6) = V/2, V inatoka volti 1, ukinzani omu 1. Jibu ni lile lile, kama inavyotakiwa.

Kwa hiyo nyuma ya kadi hatua ya kwanza kabisa iwe swali: kuna almasi? Kama haipo, zima vyanzo (volti iwe waya, mkondo uwe wazi), unganisha rezista. Kama ipo na kuna chanzo huru, wazi na shoti. Kama ni almasi peke yake, sukuma ampea 1.

nuru_sakina
Shikamoo mwalimu, nashukuru sana. Nimejaribu kuhakiki kwa kurudisha mzigo kwenye saketi yenyewe. Nikiweka omu 1 napata a ina volti 3, Ix ni 1.5, zinazoingia ni ampea 4.5. Omu 2 inachukua 1.5, mzigo unachukua 3. Volti 3 mara ampea 3 ni wati 9. Nikiweka omu 1.5 napata volti 3.6, wati 8.64, wala si 6. Hii naiongeza kama hatua ya mwisho, maana ingetuonyesha kosa siku ile ile.

mwl_njiro
Marahaba. Ndiyo, iongeze.

karanga_umeme
Mimi sikubali kuitupa seti ya majina. Wengi wetu mitihani yetu inasema wazi "kwa kutumia Thevenin" au "kwa njia ya nodi", na alama ziko kwenye hatua. Dalili inamsaidia mtu ambaye hatua anazijua tayari. Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza nilimpa kadi za dalili, akawa anajua njia ila kuandika mlinganyo wa nodi moja hawezi.

kijana_majengo
Hapo kwenye sifuri kwa sifuri nimekubali, mwalimu. Ila karanga, swali la nguvu kubwa mara nyingi halitaji njia.

mwl_njiro
Karanga ana hoja. Mimi darasani huanza na majina, halafu nachanganya maswali na kuhamia dalili. Lini hasa pa kuhamia, kila darasa linanijibu tofauti.

fundi_mbuyuni
Sasa nimewaelewa. Betri yangu ya sola isiyo na mzigo inasoma volti 12.6, nikiwasha taa na tivii ampea 4 inashuka hadi 11.8. Naweza kuipiga shoti nijue ukinzani wake wa ndani?

mwl_njiro
Usithubutu, fundi! Shoti ni ya kwenye karatasi. Betri itatoa mkondo mkubwa, nyaya zitayeyuka na inaweza kulipuka. Vipimo ulivyonavyo vinatosha: imeshuka volti 0.8 kwa ampea 4, ni omu 0.2, pamoja na nyaya kama ulipima upande wa mzigo. Pima tena mita ikiwa kwenye vichwa vya betri vyenyewe.

fundi_mbuyuni
Nilipima kwenye taa. Kesho asubuhi napima kwenye vichwa, nitaleta jibu.