Mrejesho: Wekundu wa nepi

Niliuliza: "Mwanangu wa miezi 7 ana wekundu wa nepi. Nipake mafuta ya mgando au krimu ya zinki?"

Asanteni sana, mama zangu. Nilihamia zinki, nikaipaka nene, bila kuisugua yote itoke kila nikibadilisha nepi. Matakoni palipona siku ya pili. Mafuta ya mgando nimeyabakiza kwa ngozi isiyo na wekundu.

Lakini kwenye mikunjo ya mapaja wekundu ulizidi kukolea, vipele vidogo vikatapakaa pembeni. Siku ya tatu nikaenda kliniki: fangasi, na zinki haiui fangasi. Nikapewa klotrimazoli; napaka hiyo kwanza, nyembamba, ikishaingia ndipo zinki juu. Sasa anakojoa bila kulia, jamani! Nesi alisema ningeona malengelenge, usaha au homa, nisingesubiri hata siku moja.